Biskuti za Kuokwa Mara Mbili: Kisu Kina Wakati Wake

Baada ya sala ya Alasiri, wakati buli la kahawa chungu linapoanza kuzungushwa barazani, hapana budi pawe na kitu cha kutafuna. Aghalabu huwa ni halua, au kashata, au tende. Siku moja mwaka jana kililetwa kitu kigeni: vipande vyembamba vya biskuti, virefu kama kidole cha shahada, vyenye lozi nzima ndani yake, vikavu hata mtu akiuma husikiwa na aliyeketi upande wa pili wa baraza. Vilitoka jikoni kwa binti wa dada yangu, hapa Mji wa Kale. Mwanangu huyu hupokea maagizo ya vitafunio vya harusi na vya Idi, na ndicho kipato kinachomlipia mwanawe ada ya skuli.

Biskuti hizo asili yake ni Prato, mji wa nguo na viwanda vya sufi ulio karibu na Florensi, katika jimbo la Toskana, nchini Italia. Wenyewe huziita kantuchi, na watu wa nje wamezizoea kwa jina la biskoti. Duka lililozipa sifa ni la Antonio Mattei, lililofunguliwa Prato mwaka 1858, na mpaka leo biskuti zake huuzwa katika mfuko wa karatasi ya buluu uliofungwa kwa kamba. Huko Toskana watu huzichovya katika mvinyo mtamu, jambo ambalo si letu. Kahawa chungu na chai ya tangawizi zinatutosha, na kwa hakika uchungu wa kahawa hupatana na sukari ya biskuti hii vizuri mno.

Jina lenyewe lina faida kwa mwenye kulitafakari. Katika Kilatini *bis* ni mara mbili, na *coctus* ni kilichopikwa. Neno letu la biskuti limetufikia kwa njia ya Waingereza kutoka katika asili hiyo hiyo, ingawa biskuti nyingi tunazokula siku hizi huokwa mara moja tu. Zamani mkate uliokwa, ukakatwa, ukarudishwa motoni ukauke, ulikuwa ni chakula cha mabaharia na askari, kwa kuwa kisicho na maji hakiozi upesi. Waarabu nao wana mkate mkavu wa safari waliouita *buqsumat*. Basi kuokwa mara ya pili hapakuwekwa kwa ajili ya utamu. Kazi yake ni kukausha, na mwenye kulishika hilo ataona kwa nini mambo mengine yote katika biskuti hii yanakwenda yanavyokwenda.

Sasa niwasimulie kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Mwanangu huyu alipata agizo la vipande 200 kwa kahawa ya harusi. Fungu moja la unga hutoa magogo mawili, na magogo mawili hutoa vipande 34 hivi, kwa hiyo alihitaji mafungu sita, yaani magogo 12. Akayaoka yote usiku, akayapanga juu ya meza chini ya panka, akalala. Alikuwa amesoma mahali kwamba gogo liachwe lipoe kabisa ndipo likatwe. Alfajiri akashika kisu. Gogo la kwanza lilipasuka kama kigae. La pili likatoa vipande vinne vizima, na vilivyobaki vikawa kokoto na vumbi. Katika magogo 12 alipata vipande 110 tu vya kupeleka mbele ya watu. Akakanda tena kwa haraka, akaoka, na kwa kuwa muda ulimbana akayakata yale magogo mapya pale pale yalipotoka ndani ya oveni. Hayo nayo yakasagika chini ya kisu kama mkate mbichi. Mwisho wa yote alipeleka alichonacho, akamrudishia mteja sehemu ya arubuni.

Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi mbele ya sinia la vipande vilivyovunjika.

"Shikamoo mjomba," akaniambia. "Kaka wa mama ameletwa na Mungu. Kula, maana haya hayauziki."

"Marahaba mwanangu. Utamu uko pale pale. Lakini niambie, lilikatika vibaya likiwa baridi, likakatika vibaya likiwa la moto. Baina ya hayo mawili hujajaribu?"

Hakuwa amejaribu. Basi tukakubaliana kufanya fungu moja kwa ajili ya kujifunza, si la kuuza, nami nikapewa kazi ya kushika saa.

Fungu lenyewe ni hili. Unga wa ngano mweupe gramu 250, ambao ni vikombe viwili vya kupimia. Sukari gramu 150, yaani robo tatu ya kikombe. Mayai makubwa mawili. Lozi nzima zenye ganda lake jembamba, gramu 125, zilizokaangwa kidogo katika oveni kwa dakika nane. Chumvi mfinyo mmoja, beking pauda nusu kijiko cha chai, na ganda la chungwa moja lililokunwa, rangi ya nje tu bila ya ule weupe mchungu. Basi. Hapana siagi wala mafuta. Hapo ndipo kantuchi za Prato zinapotengana na biskoti nyingi zinazofundishwa kwingineko. Mafuta huilainisha biskuti, nayo humeguka kama mchanga mdomoni. Biskuti ya mayai na sukari bila ya mafuta huvunjika kwa mlio.

Na hapo pia ndipo tulipogundua kosa lilikoanzia. Maelekezo aliyoyasoma yalikuwa ya biskoti za siagi. Gogo la siagi linapopoa, siagi huganda na kulishikilia, na ndani yake hubaki laini, kwa hiyo likiwa baridi hukatika vyema. Gogo lisilo na mafuta mambo yake ni kinyume. Kinacholishikilia ni sukari na mayai, na sukari ikipoa huwa kama kioo. Aliyeandika hakukosea, na aliyesoma hakukosea kusoma. Alichukua hukumu ya jambo moja akaitia katika jambo jingine.

Mayai na sukari hupigwa pamoja kwa dakika mbili tu, mpaka rangi iwe njano hafifu. Unga, chumvi na beking pauda huchungwa ndani yake, huchanganywa kwa mwiko, kisha lozi na ganda la chungwa hutiwa mwisho. Donge linakuwa zito na la kunata. Wengi wakifika hapa huogopa, wakaongeza unga. Wasiongeze. Donge lililokazwa kwa unga hutoa biskuti ngumu ya kuumiza meno, na kukauka ni kitu kimoja, ugumu wa jiwe ni kitu kingine. Liachwe likae dakika kumi, unga unywe maji ya mayai, nalo litashikika lenyewe.

Kulifinyanga gogo kunataka mikono iliyoloweshwa maji. Ukitumia unga wa kunyunyiza, gogo hutoka na mabaka meupe, na unga huo mkavu huingia katika mikunjo na kuacha nyufa ambazo kisu kitazifuata baadaye. Kwa mikono yenye maji, donge nusu huviringishwa juu ya karatasi ya kuokea mpaka liwe na urefu wa sentimita 28, kisha hubanwa kidogo juu liwe na upana wa sentimita nne na nusu na kimo cha sentimita mbili. Katika moto litatanuka mpaka sentimita sita au saba, kwa hiyo magogo mawili yaachiwe nafasi ya kiganja baina yao, yasije yakaungana.

Kimo hicho cha sentimita mbili ndicho cha kuangaliwa zaidi. Gogo nene hubaki bichi katikati hali nje limekwisha kuwa kahawia, na ukilikata utaona mstari wa unga uliolowana katikati ya kila kipande. Gogo bapa sana huiva sawasawa, lakini vipande vyake huwa vifupi na vyembamba kama vijiti. Tena kimo kiwe kimoja kutoka kichwa hadi mkia. Mwanangu alikuwa na desturi ya kuchongoa ncha kama za mkate wa boflo, nazo zilikuwa zikikauka na kuungua mapema kuliko tumbo. Ncha zikatwe wima, kama gogo la kweli lililokatwa kwa msumeno. Halafu unapoviringisha, bana kwa upole kutoa hewa iliyojificha ndani, hasa pembeni mwa lozi. Penye hewa pana shimo, na kipande kikifika hapo hukatika viwili.

Juu ya gogo hupakwa yai lililopigwa, kwa brashi au kwa ncha za vidole, lipate ganda la kung'aa. Oveni iwe imekwisha kupata moto wa nyuzi 180. Dakika 25 kwa kawaida zinatosha, lakini saa pekee si hakimu. Ishara ni kwamba rangi ya juu imekuwa ya dhahabu iliyokolea, pembeni pamekuwa kahawia, na ukibonyeza katikati kwa kidole huhisi ganda linazama kidogo kisha linarudi juu. Likizama lisirudi, ndani bado bichi. Lirudishwe kwa dakika nne, tano.

Kwa jaribio letu donge tuliligawa magogo matatu badala ya mawili, yenye kimo kile kile ila mafupi zaidi, kila moja la kutoa vipande 11. Yakaokwa pamoja, yakatoka pamoja, yakawekwa juu ya wavu wa chuma ili mvuke upate pa kutokea chini. Nikaanza kuhesabu.

Gogo la kwanza tulilikata baada ya dakika tatu. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Kisu kilipoingia, ndani palijikunja mbele yake, makombo laini yakagandana juu ya bapa la kisu, na kila lozi iliyoguswa ilivutwa kutoka mahali pake ikaacha shimo. Tulipata vipande vinne vya sura njema. Sababu si ngumu kuifahamu. Ndani ya gogo la moto maji bado ni mengi, wanga wa unga ni laini, na sukari iliyoyeyuka ni kama asali, haijashika kitu. Kuta za ndani hazijapata nguvu za kusimama mbele ya kisu.

Gogo la pili tulilingoja dakika 15. Mwanangu aliweka kiganja chake juu yake akakiacha bila ya kukiondoa kwa haraka. Lilikuwa na joto, lakini joto la kuvumilika, kama la kikombe cha chai ambacho umekwisha kunywa nusu. Kisu kilipita. Vipande 11 vyote vikatoka vizima, na lozi zikakatwa katikati, nyeupe ndani ya kizingo chake cha kahawia, zimebaki katika nyumba zao.

La tatu tuliliacha saa nzima. Kisu kilipoligusa ganda lilitoa sauti ya kuvunjika, na ufa ukatangulia mbele ya kisu kuelekea ilipo lozi. Vipande sita vilisalimika. Sukari ilikuwa imeganda, na kitu kilichoganda kama kioo hakikatiki, hupasuka.

"Kumbe kuna dirisha," akasema yule mwanangu, "na mimi mara moja nilipita kabla halijafunguliwa, na mara moja baada ya kufungwa."

Dirisha hilo kwa gogo lenye kipimo nilichokitaja ni baina ya dakika 10 na 20 hivi. Wapishi wa nchi za baridi hutaja dakika 10. Hapa kwetu, jikoni mwa Mombasa mwezi wa Februari, gogo hupoa polepole zaidi, na sisi tumeona dakika 15 ndizo bora. Kwa hiyo ni afadhali kutegemea kiganja kuliko saa. Tena mtu asioke magogo 12 kwa mpigo mmoja kama hana mikono ya kuyakata yote ndani ya dirisha lake. Mwanangu sasa huoka magogo manne, hukata, na ndipo manne mengine huingia.

Na lililokwisha kupoa je? Lina dawa. Lowesha ganda kwa maji kidogo, kwa chupa ya kunyunyizia au kwa kitambaa kibichi, lingoje dakika tano, kisha kata. Ganda hulegea, na ndani hakudhuriki, kwa sababu kipande kitarudi motoni kukauka. Au lirudishe zima ndani ya oveni yenye nyuzi 150 kwa dakika nne lipate joto tena. Kama angalijua hili alfajiri ile, magogo mengi ya harusi yangalisalimika, na nilipomwambia alinyamaza kimya kirefu.

Kisu kiwe kirefu na kikali. Kisu cha mkate chenye meno kinafaa, ila kitumike kwa adabu: vuta mara mbili, tatu juu ya ganda bila ya kukandamiza, meno yaingie, kisha sukuma chini kwa mkono mmoja mpaka kwenye ubao, bila ya kurudi nyuma. Anayekeketa kama seremala mpaka chini huzing'oa lozi. Futa bapa la kisu kwa kitambaa kibichi kila baada ya vipande vitatu au vinne, kwa maana sukari hunata juu yake. Kata kwa mshazari ili vipande viwe virefu, na unene uwe sentimita moja na nusu. Chini ya sentimita moja huvunjika katika kugeuzwa. Zaidi ya mbili, nje hukauka na kiini kikabaki laini, na siku ya tatu biskuti nzima inakuwa kama mkate wa jana, kwa sababu unyevu wa kiini hutoka ukaenea mpaka pembeni.

Tufike motoni mara ya pili. Oveni ishushwe mpaka nyuzi 150. Vipande vilazwe ubavu mmoja, visigusane, dakika 10, kisha vigeuzwe dakika 10 nyingine. Hapa watu wawili hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza huacha moto wa nyuzi 180 kwa tamaa ya rangi. Nje huwa kahawia upesi na ndani hubaki na maji, naye akiona rangi hudhani kazi imekwisha. Wa pili hubonyeza kipande kikiwa bado moto, akakiona kinapinda, akaongeza dakika 15 nyingine mpaka biskuti ikawa chungu. Kipande cha moto hupinda kidogo hata kama kimekauka, kwa ile sababu ya sukari iliyo laini katika joto. Mlio huja kikipoa. Kwa hiyo toa kimoja tu, kiache juu ya sahani dakika tano, kisha kivunje kwa mikono miwili. Kikikatika kwa sauti na pale penye mkato pakawa pakavu mpaka kiini, toa vyote. Kikipinda kwanza katikati, virudishe dakika tano na ujaribu tena.

Vikitoka vipoe kabisa juu ya wavu, na hili lisifanyiwe haraka. Vuguvugu ndani ya mkebe uliofungwa hutoa mvuke usio na pa kwenda, na asubuhi biskuti zote zimelegea. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na biskuti yenye sukari huuvuta. Sinia lililoachwa wazi usiku mmoja wakati wa masika hupoteza mlio wake wote. Mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana huzihifadhi wiki mbili, tatu. Zikilegea, dakika nane katika nyuzi 150 huzirudisha.

Kuhusu lozi, bei yake mnaijua. Mwanangu amejaribu korosho za Kilifi, nusu kwa nusu na lozi, na wateja wengi wamezipenda. Korosho ni laini kuliko lozi na kisu hupita ndani yake bila ya kuzivuta, kwa hiyo hata dirisha la kukata huwa pana kidogo. Lakini korosho ina mafuta na utamu wa maziwa, na mlio wa biskuti hupungua kidogo. Aliyezoea lozi atatambua.

Mwezi wa Shaaban alipata agizo jingine, la vipande 300. Nilipita jioni nikamkuta na magogo manne juu ya wavu, kiganja chake juu ya la kwanza, na kisu mezani bado hakijaguswa.

"Bado, mjomba," akasema. "Subiri kidogo."